Maandishi ya chini hayasomeki: kwanza jua nani anayaandika

*Shikamoo fundi. Baba yangu masikio yamepungua, kwa hiyo filamu anazifuata kwa kusoma maandishi ya chini. TV yetu ni ya Android, inchi 32, na anakaa kwenye kochi kama mita nne. Nimekuza maandishi kwenye simu yangu mpaka mwisho, lakini Netflix ya kwenye TV haikubadilika hata kidogo. Kwenye king'amuzi ndiyo kabisa, sioni pa kukuzia. Halafu yakiwa meupe yanapotea kwenye picha, hata kwenye filamu za Kikorea tunazowekewa kwenye flashi. Nifanyeje? Msomaji, Ujiji, Kigoma.*

Marahaba, mwanangu. Usiguse mipangilio yoyote kwanza. Jua ni nani anayeandika hizo herufi anazosoma mzee, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteza jioni nzima wakibonyeza rimoti bila faida. Herufi za chini ya picha zinafika kwenye kioo kwa njia tatu, na kila njia ina mipaka yake.

Njia ya kwanza, maandishi yanakuja kama maandishi: faili dogo lenye maneno na muda wa kila sentensi kutokea, na programu iliyo kwenye TV au simu yako ndiyo inayoyachora juu ya picha. Haya yanakuzwa, yanabadilishwa rangi na kuwekewa boksi jeusi nyuma. Netflix na YouTube kwa kawaida wanatumia njia hii. Njia ya pili, kila sentensi inaletwa ikiwa tayari ni kijipicha, na king'amuzi kinakibandika tu juu ya filamu. Unaweza kukiwasha na kukizima, lakini kukuza herufi zake huwezi, kwa sababu king'amuzi hakijui kwamba hizo ni herufi. Kwake ni picha kama picha nyingine. Njia ya tatu, maandishi yamechomwa ndani ya filamu yenyewe tangu ilipotengenezwa, na hayo hata kuzima hayazimiki.

Kuzitofautisha ni kazi ya dakika moja. Filamu ikiwa inaendelea, nenda kwenye sehemu ya manukuu, yaani hayo maandishi ya chini, ujaribu kuyazima. Yakigoma kuzimika, yamechomwa. Yakizimika lakini hakuna mahali popote panapotaja ukubwa wala rangi, kuna uwezekano mkubwa ni vijipicha. Ukiona ukubwa na rangi, ni maandishi halisi na kazi yako imerahisika. Kwenye intaneti kuna dalili nyingine nzuri, hasa kwetu tunaobana bando: shusha ubora wa video mpaka 240p. Picha itachakaa, lakini maandishi halisi yatabaki makali vilevile kwa kuwa yanachorwa na kifaa chako. Yaliyochomwa yatavurugika pamoja na picha.

Sasa tuje kwenye Netflix ya mzee. Ulichobadilisha kwenye simu kinaitwa "Caption preferences", kiko ndani ya "Settings", kisha "Accessibility". Mipangilio ile ni ya simu ile peke yake. Haisafiri kwenda kwenye TV, hata kama vyote viwili vinatumia akaunti moja. Netflix wanatunza mwonekano wa manukuu kwa kila wasifu, yaani yale majina unayochagua unapofungua programu. Kwa hiyo fungua kivinjari, cha simu au cha kompyuta, andika anwani hii:

```
netflix.com/account
```

Ingia kwenye akaunti, chagua wasifu ambao mzee anautumia kwenye TV, kisha "Subtitle appearance". Hapo utapata aina ya herufi, rangi, ukubwa wa ngazi tatu, kivuli, na rangi ya nyuma ya maandishi. Chagua, kisha bonyeza "Save". Rudi kwenye TV, toka kabisa kwenye filamu uianze upya. Usiiache imesimama tu, kwa sababu mwonekano mpya husomwa filamu inapofunguliwa. Isipobadilika, toka kwenye akaunti hapo kwenye TV kisha uingie tena.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi hapa ni la wasifu. Mtoto anabadilisha kwenye wasifu wake, mzee anaangalia kwa wasifu mwingine, na nyumba nzima inaamini TV ni mbovu. Hakikisha jina ulilochagua kwenye kivinjari ndilo linaloonekana kwenye TV.

TV nyingi za miaka hii zina njia fupi. Tangu 2023 Netflix wameweka ukubwa na mtindo ndani ya TV yenyewe, kwenye menyu ileile ya kuchagua lugha ya manukuu wakati filamu inaendelea. Mitindo iko minne, na mmoja wao ni wa herufi za njano juu ya rangi nyeusi. Ukiikuta menyu hiyo, huna haja ya kivinjari. Na kama kuna mtu wa nyumbani anaangalia kwa iPhone, ajue huko ni simu yenyewe inayoamua, kwenye sehemu ya "Accessibility", "Subtitles & Captioning".

YouTube ana tabia yake. Kwenye simu ya Android anafuata zile "Caption preferences" za simu, kwa hiyo ulichobadilisha kule hakikupotea bure. Fungua video yenye manukuu utaona. Kwenye kompyuta bonyeza alama ya gia, "Subtitles/CC", kisha "Options", na ukubwa unaanzia asilimia 50 hadi 400. Kwenye TV utaupata mtindo wa manukuu ndani ya menyu ya manukuu, video ikiwa inaendelea. TV ya Android kama yenu nayo ina sehemu yake ya "Captions" ndani ya "Accessibility". Programu kadhaa zinaitii hiyo, kwa hiyo iweke sawa mara moja, ila usitegemee kwamba itaamuru Netflix.

Kuhusu ukubwa wenyewe, chukua rula ya shule. Simamisha filamu wakati maandishi yapo, sogea kwenye kioo, upime kimo cha herufi kubwa moja, mfano herufi ya kwanza ya sentensi. Jicho zima, lile ambalo kwenye kipimo cha macho linaitwa 6/6, linatambua herufi ya milimita 6 hivi kutoka mita 4. Lakini huko ni kutambua kwa kujikaza, herufi moja moja. Kusoma sentensi mbili zinazokaa sekunde chache kisha zikaondoka kunataka angalau mara mbili ya hapo, yaani milimita 12. Kama macho ya mzee yana nusu ya uwezo huo, kitu cha kawaida sana kwa umri mkubwa, anahitaji kama milimita 24.

TV ya inchi 32 ina kimo cha sentimita 40 tu. Tuseme umepima ukapata milimita 14. Wewe unasoma bila shida, yeye hasomi, na wote wawili mnasema kweli. Ukikuza mpaka ngazi ya juu utaongeza kiasi, lakini kuna mwisho wake. Manukuu ya Netflix kwa herufi zetu hizi huandikwa kwa mstari usiozidi herufi 42. Ukikuza kupita kiasi, kama YouTube inavyoruhusu kwenye kompyuta, mstari mmoja unavunjika kuwa mitatu, unapanda mpaka kwenye nyuso za waigizaji, na msomaji anachelewa kumaliza. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo unapochagua manukuu ya Kiswahili hali hiyo inakuja mapema zaidi.

Ndiyo maana nakwambia sogeza kochi. Kutoka mita 4 kuja mita 2, ile herufi ya milimita 14 inakuwa machoni mwake sawa na ya milimita 28. Hakuna menyu itakayokupa ongezeko la namna hiyo, na linafanya kazi kwa maandishi ya aina zote tatu, hata yaliyochomwa. Mwekee mzee kiti chake cha peke yake mbele, mita mbili kutoka kwenye kioo. Watu wa nyumbani huogopa kwamba kukaa karibu kunaharibu macho. Kwa mtu mzima kutazama TV ya kisasa kutoka mita mbili hakuharibu chochote.

Na hapohapo angalia miwani aliyovaa. Wazee wengi hununua ile ya kusomea, ya +2.00 au +2.50, na kwa sababu anakwenda "kusoma" maandishi ya TV anaivaa. Miwani ya +2.00 inalenga umbali wa nusu mita, na ya +2.50 sentimita 40. Kwa mtu ambaye macho yake ya mbali ni mazima, kila kitu kilicho mita nne kitakuwa ukungu akiwa nayo usoni. Mwambie aivue, kisha asome mstari uleule. Nimeona watu wakitaka kubadilisha TV wakati kilichotakiwa ni kuvua miwani.

Rangi. Nyeupe inapotea pale picha yenyewe inapokuwa nyeupe: anga, theluji kwenye hizo filamu za Kikorea, kanzu, ukuta wa hospitali. Kukuza hakuliponyi tatizo hilo. Herufi kubwa nyeupe juu ya theluji bado haionekani. Dawa yake ni kilicho nyuma ya herufi. Kwenye menyu utakuta vitu viwili vinavyochanganya watu. "Background" ni rangi inayokaa moja kwa moja nyuma ya maneno, inafuata urefu wa mstari. "Window" ni boksi kubwa zaidi linalozunguka eneo zima la manukuu. Weka "Background" nyeusi, na "Window" iache bila rangi, vinginevyo utafunika sehemu ya picha bure. Kama kuna kipimo cha uwazi wa hiyo nyeusi, anza na asilimia 75. Mzee akiendelea kulalamika, peleka 100 na usijali picha iliyofichwa nyuma, kwa sababu anachokifuata yeye ni mazungumzo.

Kivuli au mstari mweusi unaozunguka herufi unapendeza kuliko boksi, na kwa macho mazima unatosha. Kwa macho ya mzee, chagua boksi. Mstari wa kuzunguka ni mwembamba mno, na jicho lenye ukungu linauchanganya na herufi yenyewe.

Kati ya nyeupe na njano juu ya nyeusi, tofauti ya mwanga ni ndogo mno: nyeupe juu ya nyeusi ni 21 kwa 1, njano tupu ni kama 19.6 kwa 1. Faida ya njano ni kwamba picha za filamu hazina njano kali mara nyingi, kwa hiyo jicho linajua haraka maandishi yako wapi. Pia kuna wazee wenye mtoto wa jicho wanaoumizwa na mng'ao wa nyeupe. Jaribu zote mbili mzee akiwa amekaa kwenye kiti chake, yeye ndiye aseme. Bluu na nyekundu ziache. Bluu tupu juu ya nyeusi inashuka mpaka 2.4 kwa 1, na ukisogea nyuma mita mbili tu herufi zinazama.

Kuna jambo la Ujiji na Kigoma ninalotaka uliangalie. Ziwa liko magharibi yenu. Sebule yenye dirisha la upande wa ziwa inapokea jua la jioni moja kwa moja, na likiangukia kioo cha TV, ile nyeusi ya nyuma ya maandishi inakuwa kijivu, na herufi zinafifia pamoja nayo. Kama malalamiko ya mzee yanakuja zaidi saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni kuliko usiku, tatizo lenu liko dirishani. Pazia zito au kugeuza TV kidogo kutafanya ambacho menyu haitafanya.

Sasa king'amuzi, na hapa nitakwambia wazi: hukukosea kutafuta, kwa kawaida hakuna pa kukuzia. Matangazo yetu ya king'amuzi, ya antena na ya dishi, yanafuata viwango vya DVB vilivyotoka Ulaya, na manukuu ya DVB kwa kawaida ndiyo hivyo vijipicha nilivyokueleza. Ukubwa unapangwa na anayerusha matangazo. Wewe unabaki na kuwasha, kuzima na kuchagua lugha. Vijipicha hivyo hutengenezwa mara nyingi kwa kiwango cha zamani cha pikseli 720 kwa 576, hivyo hata chaneli ikiwa HD maandishi yanaweza kuwa na kingo za ngazingazi. Filamu nyingi za nje zinazorushwa na chaneli zetu hata hazina vijipicha. Zimekuja na maandishi yaliyochomwa.

Ila kuna ukali wa herufi, na huo mara nyingi umepotea nyumbani. Angalia nyuma ya king'amuzi. Kama kimeunganishwa na TV kwa ule waya wenye vichwa vya njano, chekundu na cheupe, picha inapita kwenye waya mmoja wa njano ikiwa imeshushwa hadi mistari 576, na rangi zimechanganywa na mwanga. Herufi ndogo ndizo za kwanza kuumia: "e" na "a" zinafanana, "m" inakuwa doa. King'amuzi kikiwa na tundu la HDMI, nunua waya wa HDMI, chomeka, kisha kwenye rimoti ya TV bonyeza "Source" uchague HDMI. Usiishie hapo. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya video, uone kinatoa picha ya kiwango gani. Nimekuta ving'amuzi vimefungwa HDMI lakini ndani vimebaki 576i, mwenye nyumba akidhani amepata HD. Weka 720p au 1080i. Ili ujue kama imesaidia, simamisha macho kwenye kingo za herufi moja kabla na baada: zile kingo zilizokuwa na ukungu wa rangi rangi zinapaswa kuwa safi.

Kisha rekebisha TV yenyewe. Mfumo wa picha usiwe "Zoom". Watu hubonyeza "Zoom" wakitaka maandishi yawe makubwa, na kweli yanakua, lakini TV inakata juu na chini ya picha, na chini ndiko maandishi yaliko. Mstari wa pili unapotea wote au unabaki vichwa vya herufi. Weka 16:9. Bado ukiona mikia ya "g" na "y" imekatwa, TV inapunguza kingo za picha. Kwenye LG chagua "Just Scan", kwenye Samsung tafuta "Screen Fit" au "Fit to Screen". Kile kipimo cha "Sharpness" nacho kishushe. Kikiwa juu sana kinatia pete nyeupe kuzunguka kila herufi, na kwa mzee pete hizo zinaziba matundu ya "a" na "o". Shusha kidogokidogo mpaka pete zitoweke, kisha acha hapo.

Nikikupangia kwa nyumba yenu, ningeanza na miwani na kiti, leo hii, bila kugusa rimoti. Halafu wasifu wa mzee kwenye Netflix: ukubwa wa juu, njano, nyuma nyeusi. Halafu waya wa HDMI kwenye king'amuzi. Baada ya hapo, pima tena kwa rula. Kama kwa mita mbili herufi ina milimita 20 au zaidi, imekaa kwenye boksi jeusi, hana miwani ya kusomea usoni, na bado mzee hamalizi mstari, hapo hakuna kitu kwenye TV kilichobaki cha kurekebisha. Mpeleke akapimwe macho kwenye kliniki ya hospitali, na uwaambie hivyohivyo: herufi ya milimita 20, mita mbili, hasomi. Mpimaji atakuelewa mara moja.

Kwa zile filamu za Kikorea mnazowekewa kwenye flashi, muombe anayewawekea awape filamu pamoja na faili lake la manukuu la SRT, yote mawili yakiwa na jina linalofanana, kwa mfano:

```
filamu01.mp4
filamu01.srt
```

Ziweke kwenye folda moja. Ukizifungua kwa VLC, iwe kwenye simu, kompyuta au hiyo TV yenu ya Android, ukubwa, rangi na mandharinyuma viko kwenye mipangilio yake, sehemu ya "Subtitles". Akikwambia maandishi tayari yako ndani ya filamu, muulize kama yanazimika. Kama hayazimiki, mwambie akutafutie nakala nyingine.